Geti, gari na kona: Vipimo vya kuchukua nyumbani kabla ya kuchagua gari

Katika mji mdogo wa Kinyamaseke, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, nyumba nyingi mpya hujengwa kwenye viwanja vya futi 50 kwa 100. Ukuta huzungushwa, geti la chuma huagizwa kwa fundi wa kuchomelea, na baada ya miaka kadhaa mwenye nyumba huanza kutafuta gari. Mara nyingi geti na gari huchaguliwa kwa nyakati mbili tofauti, na hakuna anayeyapima kwa pamoja hadi siku gari linapofika mlangoni.

Siku hiyo huwa ni kuchelewa. Gari lililotumika kutoka Japani hushushwa katika bandari ya Mombasa, hulipiwa kodi, kisha huendeshwa zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala hadi Kasese. Likifika na kushindwa kuingia, mwenyewe hubakiwa na njia mbili: kubomoa ukuta au kulilaza gari nje. Njia ya tatu, ya kuliingiza kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu au nne kila jioni, huonekana nafuu mwanzoni, lakini huacha mikwaruzo kwenye milango na kumlazimu dereva kurudi nyuma mara kwa mara mahali ambapo watoto hucheza.

Makala haya yanaeleza ni vipimo gani vichukuliwe, vinasomwaje kwenye maelezo ya gari, na kwa nini geti linaloonekana pana linaweza kulikataa gari jembamba kuliko lenyewe.

Upana ulioandikwa na upana wa kweli

Upana unaotajwa na watengenezaji ni wa bodi ya gari pekee, bila vioo vya pembeni. Toyota Probox ina upana wa mita 1.69. Vioo vyake vikiwa wazi, huongezeka kwa takriban sentimita 20 hadi 25. Land Cruiser Prado ya toleo lililoanza mwaka 2009 ina upana wa mita 1.885, na vioo vikiwa wazi hupita mita 2.

Anayefuatilia matangazo ya magari kutoka Japani ataona kwamba Probox, Premio, Noah ya zamani na Hiace ya kawaida zote zina upana unaokaribia mita 1.69. Hilo si jambo la bahati. Sheria ya Japani huyaweka magari katika madaraja, na gari likizidi urefu wa mita 4.70, upana wa mita 1.70 au kimo cha mita 2.00, huhamishwa kutoka daraja la magari madogo kwenda daraja la juu. Kwa hiyo watengenezaji wengi walisimama milimita chache kabla ya mpaka huo. Geti lililozoea magari ya daraja hilo linaweza kuhudumu miaka mingi bila tatizo, kisha likashindwa siku mwenye nyumba anapohamia gari kubwa zaidi.

Hatari nyingine imejificha katika majina. Toyota RAV4 ya kwanza, ya miaka ya 1990, ilikuwa na upana wa mita 1.695. Toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2005 lilifika mita 1.815, na lile la mwaka 2018 lilifika mita 1.855. Jina ni lile lile, lakini gari limepanuka kwa sentimita 16. Uganda, kufuatia marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu lilipoundwa. Hivyo anayelipima geti lake kwa RAV4 ya zamani ya jirani anapima gari ambalo hawezi tena kuliagiza kutoka nje.

Kwa gari lililotoka Japani, urefu, upana na kimo huandikwa pia kwenye cheti chake cha kusafirishwa nje, kwa sentimita. Mnunuzi anaweza kumwomba muuzaji picha ya cheti hicho kabla ya kulipa. Kitu kisichoonekana kwenye cheti ni vifaa vilivyoongezwa baadaye: bampa ya chuma ya mbele, ngazi za pembeni, au tairi la akiba lililofungwa mlango wa nyuma. Hivyo lazima vipimwe kwa futikamba.

Uwazi wa geti hupimwa wapi

Mafundi huzungumza kwa futi na maelezo ya magari huzungumza kwa milimita. Futi moja ni sentimita 30.48, kwa hiyo geti la futi 10 ni mita 3.05, la futi 12 ni mita 3.66, na la futi 14 ni mita 4.27. Lakini hizo ni namba za kuagizia. Uwazi unaolihusu gari hupimwa geti likiwa limefunguliwa.

Geti la milango miwili inayofunguka kuelekea ndani na kusimama wima kwa ukuta hupoteza unene wa kila mlango. Mlango wa chuma wenye fremu ya sentimita 5 kila upande hupunguza mita 3.05 hadi mita 2.95. Ikiwa bawaba zimechomelewa upande wa ndani wa nguzo, au komeo limejitokeza, uwazi hupungua tena. Kipimo sahihi ni kile cha mahali pembamba kuliko pote, na ni vyema kuchukua vipimo vitatu: karibu na ardhi, kwenye kimo cha bampa, na kwenye kimo cha vioo, kwa kuwa nguzo nyingi hazikusimama wima kabisa.

Kuna kipimo cha nne ambacho husahaulika. Nyumba zilizo kando ya barabara hutenganishwa nayo na mfereji wa maji, na gari huuvuka juu ya kalvati au bamba la zege. Bamba hilo likiwa jembamba kuliko geti, basi lenyewe ndilo geti halisi. Gurudumu la mbele linaweza kupita salama juu yake, kisha la nyuma, ambalo hufuata njia ya ndani zaidi wakati wa kukata kona, likatumbukia mferejini.

Duara la kugeuka: namba moja, maana mbili

Baada ya upana, namba inayoamua ni ile ya duara dogo kuliko yote ambalo gari linaweza kulizunguka usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Hapa wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu namba hiyo huandikwa kwa namna mbili.

Maelezo ya Kijapani hutaja nusu kipenyo, yaani umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Kwa Probox ni mita 4.9, na kwa Prado iliyotajwa hapo juu ni mita 5.8. Tovuti nyingi za Ulaya hutaja kipenyo kizima, kwa hiyo Prado ile ile huweza kuandikwa mita 11.6. Anayelinganisha 5.8 ya tovuti moja na 11.6 ya nyingine atadhani gari moja linahitaji nafasi maradufu ya jingine. Kanuni rahisi ni hii: namba iliyo kati ya 4 na 7 ni nusu kipenyo, na iliyo kati ya 9 na 14 ni kipenyo.

Tofauti ya pili ni ya hatari zaidi. Namba hiyo kwa kawaida hufuata njia ya tairi la mbele la upande wa nje. Tairi linaweza kuukwepa ukingo mfupi wa barabara huku bampa ikipita juu yake. Ukuta hauruhusu hilo. Kona ya bampa hutangulia mbele ya tairi na hufagia duara kubwa zaidi, kwa takriban nusu mita hadi sentimita 60. Kwa hiyo Probox yenye nusu kipenyo cha mita 4.9 huhitaji karibu mita 5.4 hadi ukutani, na Prado ya mita 5.8 huhitaji karibu mita 6.4. Bampa ya chuma iliyoongezwa mbele huisogeza namba hiyo juu zaidi.

Kwa nini gari hupanuka kwenye kona

Gari likienda moja kwa moja huhitaji njia yenye upana wake na vioo vyake. Likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele. Hukata njia fupi zaidi, karibu na kona ya ndani. Matokeo yake ni kwamba gari hufagia utepe mpana kuliko lenyewe: kona ya bampa huchora ukingo wa nje, na ubavu wa gari karibu na gurudumu la nyuma huchora ukingo wa ndani.

Ukingo wa ndani unaweza kukokotolewa kwa namba tatu: nusu kipenyo cha kugeuka, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na upana. Kwa Prado, mita 5.8 zikizidishwa kwa zenyewe ni 33.64. Umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.79, ambazo zikizidishwa kwa zenyewe ni 7.78. Toa ya pili kutoka ya kwanza, hubaki 25.86, na kipeo chake cha pili ni mita 5.09. Huo ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi tairi la nyuma la upande wa nje. Ukitoa upana wa gari uliopunguzwa sentimita 15, kwa kuwa tairi liko ndani kidogo ya bodi, hubaki takriban mita 3.35. Ukingo wa nje ni mita 6.4, wa ndani ni 3.35, na utepe unaofagiwa una upana wa zaidi ya mita 3.

Kwa Probox, yenye mita 2.55 kati ya ekseli, hesabu hiyo hiyo hutoa ukingo wa ndani wa takriban mita 2.6 na wa nje wa 5.4. Utepe wake ni mita 2.8. Ni gari lenye upana wa mita 1.69, lakini kwenye kona hutumia zaidi ya mita nzima ya ziada.

Hesabu hii pia hueleza kwa nini majeraha ya getini huwa mahali pale pale. Anayeingia moja kwa moja huvunja vioo. Anayeingia kwa kona hugusa nguzo ya mbali kwa kona ya bampa, au hukwaruza mlango wa nyuma kwenye nguzo ya karibu. Mikwaruzo ya rangi kwenye nguzo za geti la jirani inaweza kusomwa kama kipimo: ikiwa iko kwenye nguzo ya ndani, kwenye kimo cha mlango wa gari, madereva hukata usukani mapema mno, ikiwa iko kwenye nguzo ya nje, kwenye kimo cha bampa, hukata kwa kuchelewa au njia yenyewe haitoshi.

Mfano: geti la futi 10 kwenye njia ya mita 4

Chukua nyumba ya mfano iliyo kwenye njia ya ndani ya mtaa, mbali na barabara kuu. Kutoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa jirani wa ng'ambo ni mita 4. Geti ni la futi 10, lina milango miwili inayosimama wima kwa ukuta ikifunguliwa, na uwazi wake halisi ni mita 2.95. Kutoka geti hadi baraza ya nyumba ni mita 6.5. Mwenye nyumba anachagua kati ya Probox na Prado.

Kwa kuangalia upana peke yake, yote mawili yanapita. Prado na vioo vyake ni kama mita 2.1, na geti lina mita 2.95, hivyo inaonekana kubaki sentimita 85. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama gari lingefika getini likiwa limenyooka, jambo linalohitaji uwanja mbele ya geti wenye kina kinachopita duara la gari. Njia ya mita 4 haina kina hicho. Gari litaanza kugeuka likiwa kwenye njia na litaendelea kugeuka likipita getini.

Ikiwa dereva ataacha sentimita 30 kati ya gari na ukuta wa ng'ambo, na kuukata usukani hadi mwisho, Probox itahitaji uwazi wa karibu mita 2.9. Prado itahitaji karibu mita 3.25 hata kama milango ya geti itaegama kabisa kwenye ukuta. Na kwa kuwa katika mfano huu milango husimama wima, huwa kama kuta mbili fupi zinazorefusha geti kwenda ndani, na bampa ya Prado huendelea kutanuka ikizipita. Hitaji lake hupanda hadi karibu mita 3.5.

Kwa hiyo Prado haitaingia kwa mkupuo mmoja; imekosa zaidi ya nusu mita. Probox kwenye karatasi inapita, lakini sentimita 5 zilizobaki hazimtoshi dereva yeyote, na kwa kweli itahitaji kurudi nyuma mara moja ili kujinyoosha. Kiasi kinachofaa ni sentimita 25 hadi 30 za ziada kila upande, hasa usiku na wakati wa mvua.

Suala la urefu nalo hutoa jibu lake. Kila mlango wa geti una karibu mita 1.5 na hujifunga kwa kuzunguka ndani ya ua, kwa hiyo gari lazima lisimame nje ya eneo hilo. Mita 1.5 za mlango pamoja na mita 4.2 za Probox ni 5.7, hubaki sentimita 80 kabla ya baraza, na mtu anapita. Kwa Prado yenye mita 4.76, jumla ni 6.26, na hubaki sentimita 24. Isitoshe, mlango wa nyuma wa Prado hufunguka kwa ubavu kama mlango wa chumba, huku wa Probox ukipanda juu. Geti likifungwa nyuma ya Prado hiyo, mlango wa mizigo hautafunguka vya kutosha kutoa gunia.

Kuujaribu uamuzi kwa kamba na majivu

Asiyependa hesabu anaweza kuuona utepe wa gari kwa macho kwenye uwanja ulio wazi, kabla ya kulipa chochote. Mahitaji ni kigingi, kamba isiyonyumbulika, futikamba, na majivu au chokaa ya kuchorea.

Kwanza kigingi hupigwa chini kuwa katikati ya duara. Kwa kamba, huchorwa tao mbili: ya ndani na ya nje. Kwa Prado ni mita 3.35 na 6.4, kwa Probox ni 2.6 na 5.4. Kisha huvutwa uzi mnyoofu kuwakilisha ukuta wa ng'ambo. Umbali wake kutoka kigingini ni ule wa tairi la nyuma la nje, kuongeza sentimita 25 za kona ya nyuma ya bodi, na sentimita 30 za usalama. Kwa Prado ni 5.09 na 0.25 na 0.30, yaani takriban mita 5.65.

Uzi wa pili huwakilisha ukuta wenye geti. Huvutwa sambamba na wa kwanza, kuelekea kigingi, kwa umbali ulio sawa na upana wa njia. Njia ikiwa mita 4, uzi huo utakuwa mita 1.65 kutoka kigingini. Mahali ambapo tao mbili hukatana na uzi wa pili, upande mmoja wa kigingi, ndipo nguzo za geti zinapaswa kuwa, kwa uchache. Hupimwa kati ya alama hizo mbili, huongezwa nusu mita, na jibu hulinganishwa na uwazi wa geti.

Ikiwa rafiki au jirani ana gari la aina ile ile na toleo lile lile, jaribio ni fupi zaidi. Gari huendeshwa polepole kwenye udongo laini usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kwa kulia kisha kwa kushoto. Nyayo za tairi hubaki chini na hupimwa. Kwa kona ya bampa, mtu mmoja hutembea kando ya gari akidondosha majivu chini yake. Jaribio hili lina faida ya kuhesabu pia tairi pana au bampa ya chuma ambayo maelezo ya kiwandani hayaijui.

Barabara kuu si kichochoro

Sehemu ya nyumba na maduka ya Kinyamaseke hutazamana na barabara inayotoka Kikorongo kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, inayotumiwa na malori ya mizigo yanayoelekea Congo. Barabara ni pana, na mwenye nyumba huweza kudhani kwamba kona haimhusu. Lakini upana unaohesabika ni ule ambao dereva anaweza kuutumia kwa usalama.

Nchini Uganda magari hupita kushoto. Geti likiwa kushoto kwa dereva, kona huanza karibu sana na ukuta, na dereva hawezi kujitanua kuelekea kulia bila kuingia kwenye njia ya gari linalokuja au kumkata mwendesha bodaboda anayepita. Kwake yeye, njia ya kupimia ni upande wake wa barabara pamoja na ukingo wa changarawe. Akitokea upande mwingine, geti likiwa kulia, kona huwa pana na rahisi, ila lazima asubiri njia iwe wazi. Jaribio la kamba hufaa kufanywa kwa ule mwelekeo mgumu wa kushoto, kwa kuwa ndio utakaotumika nusu ya safari zote.

Banda la gari

Anayepanga kuliingiza gari ndani ya banda hupima mambo mawili tofauti: mlango wa banda na upana wa ndani. Mlango huweza kuwa mwembamba ikiwa gari hulifikia likiwa limenyooka. Upana wa ndani hauwezi, kwa sababu dereva lazima atoke. Mlango wa gari huhitaji takriban sentimita 75 ili mtu mzima ashuke bila kujibana. Magari ya Uganda huwa na usukani kulia, kwa hiyo nafasi hiyo huachwa kulia, na sentimita 30 hutosha kushoto ikiwa abiria hushukia nje. Kwa Probox jumla ni takriban mita 2.75, na kwa Prado takriban mita 2.95, zikipimwa kati ya nguzo za ndani na wala si kati ya kuta. Gari likiingizwa kinyumenyume, upande wa dereva nao hugeuka, na nafasi hiyo lazima iachwe upande wa pili wa banda.

Kipi kibadilishwe: geti au gari?

Vipimo vikikataa, marekebisho ya geti yana mpangilio wake wa gharama. La kwanza na rahisi ni kuhamisha bawaba ili milango iegame kabisa kwenye ukuta. Katika mfano wetu hilo peke yake hupunguza hitaji la Prado kutoka mita 3.5 hadi 3.25 na kurudisha sentimita 10 za uwazi. La pili ni kupanua hadi futi 12, yaani mita 3.66, ambapo Probox hubakiwa na karibu sentimita 38 kila upande na Prado sentimita 20. Kwa Prado, futi 14 ndizo zinazotoa nafasi ya kutosha.

La tatu ni geti la kuteleza kwenye reli, ambalo huondoa mita 1.5 za kufungukia ndani ya ua. Huokoa urefu, lakini huhitaji ukuta mnyoofu upande mmoja wenye urefu sawa na geti lenyewe, bila nguzo ya umeme, mti wala choo cha nje. La nne, kwa asiyeanza kujenga ukuta, ni kulisogeza geti ndani ya kiwanja kwa mita moja na nusu au mbili na kuzikata kuta za pande zote mbili kwa mshazari. Sehemu ya kiwanja hutumika, lakini njia ya mita 4 hupata kina cha ziada, na gari huanza kunyooka kabla ya kufika kwenye nguzo. Kusogeza geti bila kuzikata kuta kwa mshazari hakusaidii, kwa sababu kona za ukuta hubaki zilipokuwa na kuchukua nafasi ya nguzo.

Kuna mipaka ambayo geti haliwezi kuivuka. Katika mfano wa juu, hata futi 14 haziiongezei Prado sentimita moja kati ya bampa na baraza. Panapokosekana urefu wa ua, kupanua geti ni kulipia mlango wa kuingilia mahali ambapo gari halitatosha kulala, na jibu lililo nafuu zaidi ni kuchagua gari fupi.

Kwa hiyo namba tano zinatosha kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa muuzaji: uwazi halisi wa geti au wa kalvati, upana wa njia iliyo mbele yake, kina cha ua kutoka geti hadi kizuizi cha kwanza, nafasi inayoliwa na milango ya geti, na upana wa ndani wa banda. Kwa kila gari linalofikiriwa huandikwa upana na vioo, urefu na vifaa vyake, umbali kati ya ekseli, na nusu kipenyo cha kugeuka kilichoongezwa sentimita 60. Gari ambalo muuzaji wake hawezi kutaja toleo na mwaka halijapimika bado, hata kama jina lake linajulikana mtaa mzima.